Rangi ya kiini cha yai, njano ya kupauka hadi rangi ya chungwa: ni dalili ya ubora au ni chakula tu?

Mapishi_Tabata
Wakuu, salaam. Dukani mtaani kwetu kuna trei mbili. Moja ni ya mayai ya kisasa, ukipasua kiini ni njano ya kupauka, ukikaanga unaweza kudhani ni ute mtupu. Ya pili inauzwa kwa jina la kienyeji, kiini kimekolea karibu na rangi ya chungwa. Bei zimepishana kwa maelfu. Muuzaji anasema la pili lina virutubisho zaidi na ni freshi zaidi. Naomba anayefahamu anieleze: rangi inatoka wapi, na inaonyesha ubora au haionyeshi? Nawasilisha.

Jogoo_la_Shamba
Dada, hilo halina mjadala. Kiini kilichokolea maana yake vitamini A imejaa, kiini cheupe maana yake kuku hana vitamini. Ndiyo maana wanaojua kufuga wanawapa kuku karoti na viazi lishe vile vya rangi ya chungwa. Ukiwapa wiki moja kiini kinawaka. Kuku wa kisasa amefungiwa ndani anakula dawa, atatoa wapi rangi?

Bwanalishe
Jogoo, umegusa ukweli kwa upande mmoja, ila karoti ndizo zimekupoteza. Niende taratibu.

Kuku hatengenezi rangi ya kiini mwilini mwake. Anaila. Rangi ya njano inatokana na kundi la rangi za mimea liitwalo zanthofili, hasa luteini na zeazanthini, zilizomo kwenye mahindi ya njano na kwenye majani mabichi yote. Kwenye majani huzioni kwa sababu ukijani umezifunika. Kuku akila, rangi hizo zinayeyuka kwenye mafuta ya chakula, zinapita utumbo, zinafika kwenye ini, kisha zinasafirishwa pamoja na mafuta yanayokwenda kujenga kiini. Hapo ndipo zinapotua.

Karoti na viazi lishe vina rangi kali, lakini nyingi ni beta-karotini. Hiyo utumbo wa kuku unaigeuza kuwa vitamini A, na vitamini A yenyewe haina rangi ya kuonekana kwenye kiini. Kwa hiyo unaweza kumlisha kuku karoti, ukamwongezea vitamini A, na kiini kikabaki cha kupauka. Kinyume chake kinawezekana pia: kiini chekundu-chungwa kilichotiwa rangi ya kiwandani, na vitamini A yake ikawa ya kawaida tu.

Leyazi, yaani kuku wa mayai wa kisasa, akifungiwa anapata vitamini A kutoka kwenye premiksi, ule unga wa vitamini na madini unaochanganywa kwenye chakula, mahindi yawe meupe au ya njano. Ndiyo maana rangi ya kiini haiwezi kukusomea vitamini A.

Jogoo_la_Shamba
Sawa mkuu, lakini mbona kuku wa bibi kijijini halishwi mahindi ya njano, anaokota tu, na kiini kinawaka?

Bwanalishe
Anaokota majani. Kuku anayezurura msimu wa mvua anadonoa nyasi changa, mchicha pori, matembele, majani ya kunde. Na hatagi kila siku, kwa hiyo rangi aliyoikusanya inagawanyika kwa mayai machache. Leyazi anayetaga mayai sita kwa wiki anaigawa rangi ileile kwa mayai mengi zaidi. Sasa nenda kwa bibi huyohuyo mwishoni mwa kiangazi, nyasi zimekauka na kuku anaishi kwa makombo ya ugali na pumba za mahindi meupe. Pasua yai lake. Utakuta njano ya kupauka, na ni kienyeji halisi.

Mkulima_Nakuru
Wadau, hapa Nakuru ni vivyo hivyo. Kuku wakilishwa ngano na mahindi meupe, kiini hupauka, wawe wa kienyeji au wa gredi. Wengi wetu hufunga mafungu ya sukuma wiki kwa kamba na kuyaning'iniza ndani ya nyumba ya kuku kwa urefu wa shingo zao, wanadonoa siku nzima badala ya kuyakanyaga. Gramu 30 hivi kwa kila kuku kwa siku zatosha, yaani kilo 3 kwa kuku 100. Ukizidisha sana wanashiba maji, wanaacha chakula na mayai yanapungua uzito. Mahindi ya njano hapa mengi yanatoka nje kwa ajili ya viwanda vya chakula cha mifugo, kwa hivyo mfugaji mdogo si rahisi ayapate kwa bei nzuri.

Mzee_wa_Chipsi
Mimi naona mnazunguka. Mayai ya ganda la kahawia ndiyo yenye kiini kizuri, ya ganda jeupe hayana kitu. Halafu kuna mengine nikichemsha kiini kinazungukwa na ukijani-kijivu kwa nje. Hayo si ndiyo yenye dawa?

Bwanalishe
Mzee wangu, hayo ni mambo mawili mengine kabisa. Rangi ya ganda inafuata ukoo wa kuku. Chakula kilekile ukiwapa kuku wa ganda jeupe na wa ganda la kahawia, viini vitalingana rangi.

Ule ukijani wa yai la kuchemsha si dawa. Umechemsha muda mrefu mno. Salfa iliyo kwenye ute inakutana na chuma kilicho kwenye kiini, na pale vinapopakana panatokea rangi hiyo. Chemsha dakika 10 hadi 12 tangu maji yachemke, kisha tumbukiza kwenye maji ya baridi mara moja. Hutauona tena, na hata ukiuona, yai linalika.

Mapishi_Tabata
Nimeelewa chanzo. Sasa ubora je? Nikitaka kujua kama yai ni freshi, rangi haisaidii kabisa?

Bwanalishe
Kwa ufreshi, haisaidii. Pasua yai kwenye sahani ya bapa na uangalie umbo, siyo rangi. Yai freshi kiini chake kimeinuka na ni cha duara, ute mzito umekizunguka na umesimama, na ute mwepesi wa nje ni kidogo. Yai lililokaa, ute unatapakaa kama maji na kiini kinalala. Ukilihamisha kwenye kikaango kiini kinapasuka chenyewe, kwa sababu ngozi yake imelegea na kimevuta maji kutoka kwenye ute. Kwenye maabara wanapima urefu wa ute mzito na kuulinganisha na uzito wa yai, kipimo kilichotolewa na Haugh mwaka 1937. Rangi ya kiini haimo kwenye kipimo hicho hata kidogo.

Kwa joto la Dar, yai lililokaa juani mbele ya duka siku chache linaweza kuwa limechoka kuliko lililokaa kwenye friji wiki kadhaa. Kiini cha chungwa nacho kinachoka vilevile.

Bila kupasua, liweke kwenye maji. Likilala chini, ni jipya. Likisimama wima, limekaa kiasi. Likielea, limekaa sana, lipasue kwenye bakuli la peke yake kabla ya kulichanganya na mengine.

Mama_Keki_Mbezi
Mimi sishindani na sayansi, ila wateja wangu wanataka keki ya njano. Nikitumia trei ya viini vya kupauka keki inatoka nyeupe, wanadai sijaweka mayai ya kutosha. Nifanyeje, niongeze mayai?

Bwanalishe
Usiongeze, keki itakuwa ngumu na yenye harufu ya mayai. Hapo rangi ina thamani yake halali kabisa: keki, mayonezi, tambi za mayai, kastadi. Viwanda vya vyakula hivyo huagiza mayai kwa namba ya rangi. Kuna kadi za plastiki zinazofunguka kama upepeo, kila moja na namba, 1 ni ya kupauka kabisa na 15 ni chungwa iliyokolea. Toleo jipya limefika 16. Unaweka kadi juu ya kiini kilichopasuliwa kwenye sahani nyeupe, kwenye mwanga wa mchana wa kivulini, unasoma namba inayofanana. Usipime chini ya taa ya njano, itakudanganya. Ongea na mfugaji wako akuhakikishie 9 au zaidi.

Mswahili_Frankfurt
Kuongezea: huku Ujerumani watu wanataka chungwa hasa, namba 12 kwenda juu. Sweden wanaridhika na njano ya kawaida. Na Japani kuna mayai ya kuku wanaolishwa mchele badala ya mahindi, kiini karibu kiwe cheupe kama krimu, na yanauzwa ghali kwa sababu hiyohiyo ya weupe! Yaani kila watu wanalipia walichozoea. Tena huku mayai ya kilimo hai mara nyingi yamepauka kuliko ya kawaida, kwa sababu sheria ya kilimo hai hairuhusu rangi za kutengenezwa kiwandani kwenye chakula cha kuku.

Leyazi300_Mlandizi
Wakuu, mimi naomba kesi yangu ichambuliwe. Nina leyazi 300, wiki ya 38, wanataga trei 8 na nusu kwa siku. Wiki mbili zilizopita viini vilianza kupauka, sasa wateja wa hotelini wanalalamika. Nimepasua leo nimelinganisha na picha ya kadi, naona ni 4. Nilikuwa nanunua chakula cha kiwandani, mwezi huu nimeanza kuchanganya mwenyewe. Kilo 100 ni hivi: mahindi meupe 48, pumba za mahindi 12, mashudu ya alizeti 16, soya 8, dagaa 6, chokaa 9, premiksi na chumvi 1. Utagaji haujashuka. Nimeambiwa nikanunue dawa ya minyoo.

Bwanalishe
Usinunue dawa bado. Swali la kwanza kwenye kupauka kwa viini ni hili: kimepauka kiini peke yake, au na mambo mengine yamebadilika? Kama utagaji umeshuka, kinyesi kimekuwa cha maji au kina damu, kuku wamepungua uzito, basi utumbo hauchukui chakula ipasavyo. Hapo unatafuta minyoo, koksidia ambayo ni ugonjwa wa utumbo, au sumukuvu kwenye mahindi, maana sumukuvu inaharibu ini, na ini ndilo linalosafirisha mafuta na rangi kwenda kwenye kiini. Kama ni kiini tu na kuku ni wazima, ni chakula. Kwako ni chakula, na umeandika mwenyewe: mahindi meupe.

Hesabu ni nyepesi. Mahindi ya njano yana zanthofili kama miligramu 20 kwa kilo, hupanda na kushuka kutegemea mbegu na muda wa kuhifadhiwa. Mahindi meupe karibu sifuri. Mashudu ya alizeti, soya, dagaa na pumba za mahindi meupe havileti kitu cha maana. Chakula chako kina rangi karibu na hakuna, hiyo 4 ni masalio.

Tufanye hivi. Badili nusu ya mahindi, yaani kilo 24 ziwe za njano. 24 mara 20 ni miligramu 480, gawanya kwa kilo 100 za mchanganyiko, unapata karibu 5 kwa kila kilo ya chakula. Halafu punguza pumba kutoka 12 hadi 8, weka kilo 4 za majani makavu ya mti wa lukina yaliyosagwa. Yakikaushwa vizuri, kwa tahadhari nayahesabia miligramu 200 kwa kilo: 4 mara 200 ni 800, yaani 8 kwa kila kilo ya chakula. Jumla 13. Hiyo inatosha kukupeleka kwenye njano nzuri ya 7 au 8. Ukipata mahindi yote 48 ya njano utakaribia 18, na hapo 9 inawezekana.

Kuku wako 300 kwa gramu 120 kila mmoja wanakula kilo 36 kwa siku. Kwa wiki mbili ni kama kilo 500, kwa hiyo utahitaji kilo 20 za majani makavu.

Mkulima_Nakuru
Lukina ni nzuri ila ina sumu yake, mimosini. Usipite kilo 5 kwa mia, ukipita kuku hupunguza kula na kutaga. Kama una lusina ya ng'ombe tumia hiyo, haina wasiwasi huo, ila nayo ina nyuzinyuzi nyingi, kwa hivyo kilo 4 au 5 ndiyo mwisho.

Bwanalishe
Sahihi. Na kwenye kukausha ndipo wengi wanapoharibu. Rangi hizi zinakufa kwa jua na hewa. Ukitandaza majani juu ya bati juani, jioni yamekuwa ya kahawia na rangi nyingi imeondoka. Tandaza kivulini, penye upepo, tabaka jembamba, geuza mara mbili kwa siku. Yakivunjika mkononi na bado ni ya kijani, pukuchua, ondoa vijiti, saga. Hifadhi kwenye mfuko mweusi uliofungwa, na utumie ndani ya mwezi. Mahindi ya njano ya msimu uliopita nayo yameshapoteza sehemu, kwa hiyo usishangae namba ikija chini ya hesabu.

Leyazi300_Mlandizi
Nashukuru mkuu. Nitaona mabadiliko baada ya siku ngapi? Hoteli wamenipa wiki moja.

Bwanalishe
Wiki moja haitoshi kumaliza, ila utaona dalili. Ndani ya kuku kuna viini vya ukubwa tofauti vinavyopanga foleni. Kila kimoja kinakua kwa kasi kwa siku kama 10 za mwisho kabla ya kuachiwa, na kila siku kinaongezewa tabaka la nje. Yai atakalotaga kesho kiini chake kimeshamaliza kujengwa kwa chakula cha zamani. Siku ya 3 au ya 4 utaona badiliko kidogo, siku ya 10 hadi 14 rangi imetulia. Katikati ya hapo chemsha yai gumu, likate katikati: utaona ndani kumepauka na nje kumekolea. Hiyo ni alama kwamba chakula kipya kinafanya kazi. Usiongeze chochote kabla ya siku ya 14, utapita lengo bila kujua.

Msafi_wa_Soko
Kwa nini ahangaike na majani? Sokoni kuna unga mwekundu wa rangi ya viini. Unaweka kidogo tu kinawaka. Wauza "kienyeji" wengi wa mjini wanautumia, nawajua.

Bwanalishe
Upo, na una matumizi yake, lakini nyekundu haikai bila msingi wa njano. Ukitia nyekundu kwenye chakula cha mahindi meupe matupu, kiini kinatoka na uwaridi wa ajabu, mteja anakirudisha. Kwanza jenga njano, kisha nyekundu kidogo ndiyo inaisukuma kwenda chungwa.

Inayotumika sana ni kantazanthini. Ulaya mwaka 2003 waliweka kikomo cha miligramu 8 kwa kilo ya chakula cha kuku wa mayai, baada ya kuonekana kwamba watu waliomeza vidonge vyake kwa wingi ili ngozi iwe kama imepigwa na jua walipata chembe zake kwenye retina ya jicho. Kwa kawaida 3 zinatosha. Bidhaa nyingi ni asilimia 10, kwa hiyo kwa kilo 100 za chakula unahitaji gramu 3 tu za unga. Gramu 3, siyo vijiko! Soma asilimia kwenye kifuko, pima kwa mzani wa vito, changanya kwanza na kilo moja ya unga wa mahindi, kisha hiyo kilo na kilo 10, ndipo uingize kwenye rundo. Ukimwaga moja kwa moja, kuku mmoja atapata rangi ya kuku kumi.

Kama unga hauna lebo, jina la rangi wala asilimia, usiuguse. Mwaka 2006 huko Hebei, China, mayai ya bata yenye kiini chekundu yaliyopendwa sana sokoni yalikutwa na Sudani namba 4, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa kwenye chakula. Inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inaingia kwenye kiini vizuri kabisa, na kwa macho huwezi kuitofautisha na rangi halali.

Mwanapwani_Kwale
Huku kwetu tuna mzingefuri. Zile mbegu nyekundu, hukaushwa na kusagwa. Nusu kilo kwa kilo mia ya chakula, kuku wawe tayari wanakula majani. Kiini chashika wekundu mzuri. Paprika nayo yafanya hivyo, ila ghali. Na pilipili kavu kali pia, kuku hawasikii ukali wake kama sisi, na yai haliwashi.

Jogoo_la_Shamba
Na bizari ya manjano? Wengi wanaisifia.

Bwanalishe
Bizari inapaka vidole kuliko kiini. Rangi yake haivuki utumbo kwa wingi, na kinachovuka ini linakivunja. Kupanda kwa namba kwa bizari peke yake ni kidogo sana kwa gharama yake.

Chotara_Singida
Naomba msaada tofauti kidogo. Mimi viini vyangu havijapauka, vina rangi ya kijani ya zeituni, vingine kahawia. Mayai yakiwa mapya ni ya kawaida, yakikaa wiki mbili tatu kwenye friji ndiyo yanabadilika. Natumia mashudu ya pamba kwa sababu ni rahisi huku.

Bwanalishe
Umejibu mwenyewe. Mashudu ya pamba yana gosipoli. Inaingia kwenye kiini, inashikana na chuma kilichomo humo, na rangi hiyo inajitokeza kadiri yai linavyokaa, hasa kwenye baridi. Ndiyo maana asubuhi ya kutaga hukuona kitu. Ukiona na ute umekuwa wa uwaridi, hiyo si gosipoli, ni asidi ya mafuta iliyomo kwenye mbegu hizohizo za pamba, na za msufi pia.

Ondoa mashudu ya pamba kwa leyazi, tumia alizeti, mnayo tele huko. Kuna wanaoongeza salfeti ya chuma kwenye chakula ili ishikane na gosipoli kabla haijafika kwenye yai, na inafanya kazi, lakini kipimo chake kinahitaji kujua gosipoli ni kiasi gani, jambo ambalo mashine ya kukamua ya mtaani haikuandikii. Hapa ndipo rangi ya kiini inapokuwa dalili ya kweli ya tatizo: siyo njano au chungwa, bali zeituni, kahawia au mabakamabaka. Mabaka nayo yana chanzo kingine kinachojulikana, nikabazini, dawa ya koksidia ya kuku wa nyama. Chakula cha broila kikichanganywa na cha leyazi, kiini kinatoka madoa, maganda ya kahawia yanapauka na utagaji unashuka.

Mapishi_Tabata
Kwa hiyo yule muuzaji wangu wa "kienyeji" ananidanganya?

Bwanalishe
Huenda, huenda siyo. Rangi haiwezi kumtetea wala kumshtaki. Kuku anayekula majani na wadudu nje kweli huweka luteini zaidi kwenye kiini, ambayo ni nzuri kwa macho, na mara nyingi vitamini E na mafuta ya omega-3 zaidi. Lakini chungwa ileile inapatikana bandani kwa gramu 3 za unga. Protini na mafuta kwa ujumla havifuati rangi. Ukitaka kujua kama ni kienyeji, nenda kaone kuku.

Mama_Keki_Mbezi
Ladha je? Mimi naapa kiini kilichokolea ni kitamu zaidi.

Mswahili_Frankfurt
Jaribu kula umefumba macho, mtu mwingine akulishe. Wengi hapo hushindwa.

Mkulima_Nakuru
Sikubaliani sana. Chakula hubadilisha ladha. Kuku akilishwa dagaa kwa wingi, yai hunuka samaki, hata kipofu atajua. Kwa hivyo nyasi na wadudu nao huenda wanaongeza kitu.

Bwanalishe
Wote mna hoja. Chakula kinaweza kuhamisha ladha, hilo ni kweli. Ila rangi yenyewe haina ladha, na jicho linamtangulia mlaji. Kutenganisha hayo mawili nyumbani ni kazi.

Msafi_wa_Soko
Na kutia rangi ni udanganyifu au biashara? Hilo hamjajibu.

Mwanapwani_Kwale
Ukiuza kwa jina la kienyeji na kuku amefungiwa, ni udanganyifu hata bila rangi.

Msafi_wa_Soko
Mteja akinunua kwa macho, mimi nifanyeje? Nikimpelekea njano ya kupauka anaenda kwa jirani.

Leyazi300_Mlandizi
Narudi na mrejesho, leo ni siku ya 13 ya mchanganyiko mpya, nusu njano na kilo 4 za lukina. Nimepasua mayai 20. Mengi ni 7, machache 8, ila matano yamebaki 5. Chakula ni kimoja, banda ni moja. Kwa nini hayalingani?

Bwanalishe
Wastani umefika tulikotarajia. Hayo matano, angalia chini ya vihori jioni. Majani yaliyosagwa ni vumbi jepesi, mahindi ni chenga. Kuku wenye nguvu wanaokota chenga kwanza, vumbi linabaki chini. Ukimwaga chakula kipya juu yake kila asubuhi, wengine hawalifikii kabisa. Fanya mambo mawili. Saga mahindi kidogo zaidi, siyo unga, chenga ndogo zinazolingana. Na mara moja kwa siku acha vihori viishe kabisa kwa saa moja hivi kabla ya kuongeza. Ukiwa na mafuta ya alizeti, kilo moja kwa mia wakati wa kuchanganya inashika vumbi, na inasaidia rangi kuingia mwilini kwa kuwa inahitaji mafuta. Toa kilo moja ya pumba ili jumla ibaki mia.

Leyazi300_Mlandizi
Mashudu yangu ya kukamuliwa bado yana mafuta mengi, si yanatosha?

Bwanalishe
Kwa kuingiza rangi mwilini, yanatosha. Kwa kushika vumbi, hapana, mafuta hayo yamo ndani ya mashudu. Na yakinuka uchungu usiyatumie: mafuta yaliyochacha yanaua zanthofili ndani ya gunia kabla kuku hajala. Pima mengine 20 baada ya siku 10, na wakati huu chukua mayai kutoka pande zote za banda, siyo viota vya mlangoni tu.

Mzee_wa_Chipsi
Sasa zege yangu ya chipsi niweke ya ganda gani?

Mapishi_Tabata
Mzee, lolote litakalozama kwenye maji.